Miche Elfu Moja Katika Ploti ya Hamsini kwa Mia

Ukiuliza wakulima wa nyanya wa Kutus ekari moja inaingia miche mingapi, wengi watakujibu elfu tisa, na hawatakuwa wamekosea. Ekari ina mita za mraba 4,047. Mistari ikiachana sentimita 75 na mche ukiachana na mwenzake sentimita 60, kila mche unamiliki mita ya mraba 0.45. Gawa 4,047 kwa 0.45 upate 8,993. Shida huanza pale mwenye ploti ndogo anapoichukua hesabu hiyo ya ekari, akaigawa kwa nane, na kwenda kitaluni kuagiza miche 1,124.

Kosa la kwanza liko kwenye ardhi yenyewe. Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo katika miji hii ya chini ya Mlima Kenya huuzwa kwa jina la thumuni ya ekari, si thumuni kamili. Ina futi za mraba 5,000, ilhali thumuni ya kweli ni 5,445. Upungufu huo hutokana na mgao: shamba likikatwa vipande, sehemu yake huenda kwenye barabara za kuingilia. Kwa hiyo ploti hii ni mita 15.24 kwa 30.48, yaani mita za mraba 464.5, na kwa hesabu ileile ya 0.45 inaingia miche 1,032. Tayari miche 92 imetoweka kabla jembe halijashika udongo.

Hata hivyo 1,032 nayo si idadi ya miche. Ni eneo lililogawanywa kwa eneo, na mche haupandwi kwa eneo. Unapandwa kwenye mstari, na mstari una mwanzo na mwisho. Tuifuate ploti hii kwa utaratibu, tukifanya hesabu zote kwa sentimita ili tusisumbuliwe na nukta.

Upande mfupi ni 1524 na upande mrefu ni 3048. Tuseme mistari inalala kwa urefu wa ploti. Kwenye upana wa 1524 nafasi za 75 zinaingia mara 20 na kubaki sentimita 24. Nafasi 20 hubeba mistari 21, maana mstari wa kwanza unasimama kabla ya nafasi ya kwanza. Ndani ya kila mstari, 3048 ukigawa kwa 60 unapata nafasi 50 na mabaki ya sentimita 48, kwa hiyo miche 51. Zidisha 21 kwa 51 upate 1,071. Hesabu ya mistari imeipita hesabu ya eneo kwa miche 39, na sababu ni ile moja inayoongezwa kila upande.

Je, tupande 1,071? Hapana. Hesabu hiyo inauweka mstari wa kwanza juu ya mpaka kabisa, matawi yakiegemea ua wa jirani, na anayepulizia dawa hana pa kukanyaga. Ploti ya nyanya inahitaji njia ya kuzunguka. Tukiacha nusu mita kila upande, sehemu ya kupandwa inakuwa 1424 kwa 2948.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu. Gawa 1424 kwa 75: zinaingia nafasi 18, na mabaki ni sentimita 74. Nafasi 18 ni mistari 19. Kwa urefu, 2948 kwa 60 ni nafasi 49 na mabaki ya 8, yaani miche 50 kwa mstari. Jumla ni 950. Angalia tena mabaki ya upande mfupi: 74. Ingepatikana sentimita moja zaidi, nafasi zingekuwa 19, mistari 20, na jumla 1,000. Mstari mzima wa miche 50 umekosa kuingia kwa upana wa ukucha.

Mkulima anayefuata kanuni bila kutazama mabaki ataukosa mstari huo na kuacha kando ya shamba ukanda mtupu wa karibu mita moja na robo, akidhani ndivyo ploti ilivyo. Anayetazama mabaki atafanya jambo jepesi: atagawa 1424 kwa nafasi 19 na kupata sentimita 74.9 na ushei badala ya 75. Hakuna mnyanya utakaohisi tofauti hiyo, na mstari wa ishirini umepatikana. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha kazi yote. Jibu la kugawa lisiishie kwenye namba nzima; soma kilichobaki. Mabaki yakikaribia nafasi kamili, bana kidogo kila nafasi. Yakiwa madogo, kama zile sentimita 8, yaache yaongeze njia ya mwishoni.

Sasa tugeuze mistari ilale kwa upana wa ploti. Nafasi za 75 kwenye 2948 ni 39, kwa hiyo mistari 40, na mabaki 23. Nafasi za 60 kwenye 1424 ni 23, kwa hiyo miche 24 kwa mstari, na mabaki 44. Jumla ni 960, miche kumi zaidi ya ule mpango wa kwanza kabla haujabanwa. Mabaki ya 44 nayo yanatosha kufanyiwa kazi: ukigawa 1424 kwa nafasi 24, kila moja inakuwa sentimita 59.3, na mstari unabeba miche 25. Arobaini kwa 25 ni 1,000. Pande zote mbili zimefika elfu moja.

Namba zikilingana hivyo, mwelekeo unaamuliwa na maji. Anayenywesha kwa mifereji kati ya mistari analazimika kuilaza pale ambapo maji yatatembea polepole bila kubeba udongo, na hiyo ni habari ya mteremko. Mwenye matone ana uhuru zaidi, ingawa mistari 20 mirefu humpunguzia viungio kuliko mistari 40 mifupi. Hata kwenye ploti ambayo namba hazilingani, kama mteremko unakulazimisha kuchagua mwelekeo wenye miche michache, chagua huohuo. Miche ya ziada haitafidia mfereji unaofurika upande mmoja na kukauka upande wa pili.

Kwa mwenye kompyuta au simu yenye jedwali la hesabu, kazi hii ni ya mstari mmoja. Weka upana unaokatwa na mistari kwenye A1, urefu wa mstari kwenye B1, njia ya pembeni kwenye C1, nafasi ya mistari kwenye D1 na nafasi ya miche kwenye E1, zote kwa sentimita:

```
=(INT((A1-2*C1)/D1)+1)*(INT((B1-2*C1)/E1)+1)
```

Kwa 1524, 3048, 50, 75 na 60 itakupa 950. Badilisha A1 na B1 na itakupa 960. Fomula hii haikuonyeshi mabaki, kwa hiyo kwenye seli nyingine andika `=MOD(A1-2*C1,D1)` ili ile 74 ijitokeze.

Kosa la kuhesabu kwa eneo bila kujali kingo halina uzito sawa kwa kila zao. Ukishuka kutoka Kutus kuelekea uwanda wa Mwea unakuta mpunga wa kilimo shadidi, mbinu iliyotokea Madagaska na ambayo Profesa Bancy Mati wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta aliongoza kuifikisha Mwea mwaka 2009. Huko mche mmoja mmoja hupandwa kwa sentimita 25 kwa 25. Jaruba lenye ukubwa wa ploti yetu, likipandwa hadi ukingoni, lingebeba miche 61 kwa 122, ambayo ni 7,442. Hesabu ya eneo ingesema 7,432. Tofauti ni kumi tu. Ukipanda upande wa Kerugoya unaikuta kahawa. Miti ya SL28 kwa desturi huachana futi 9 kwa 9. Eneo linasema futi 5,000 zigawanywe kwa 81, yaani miti 61. Kuhesabu hadi mpakani kunasema 6 kwa 12, yaani 72. Ukiacha nusu ya nafasi kila ukingo, kama inavyompasa mti unaotanua matawi, unabaki na 5 kwa 11, yaani 55. Kati ya 55 na 72 pana pengo ambalo hakuna mnunuzi wa miche anayeweza kulipuuza. Kanuni inayofuata ni rahisi: nafasi ikiwa kubwa na shamba likiwa dogo, usitumie eneo kabisa.

Turudi kwenye nyanya, maana hesabu nzuri huharibikia shambani. Kwanza, hakikisha ploti ni mstatili kweli. Pima pembe kwa pembe, mara mbili. Kwa hamsini kwa mia, kila ulalo unapaswa kuwa mita 34.08. Zikitofautiana, ploti imeinama, na mistari ya mwisho huenda ikawa mifupi kuliko ya kwanza. Pima pia upana kwenye ncha zote mbili, kisha upigie hesabu ule mwembamba.

Pili, jihadhari na kijiti cha kupimia. Kijiti kilichokatwa sentimita 62 badala ya 60 kinaonekana sawa mkononi, lakini kwenye mstari wa 2948 kinatoa nafasi 47 tu, yaani miche 48. Kwa mistari 20, miche 40 imebaki kwenye trei. Dalili yake iko mwisho wa mstari: tulitarajia mabaki ya sentimita 8, na kijiti hicho kinaacha 34. Mstari wa kwanza ukimalizika na mabaki yasiyolingana na karatasi, simamisha kazi upime kijiti upya. Kosa la namna hii halitokei kabisa ukitandaza tepu moja tangu sifuri na kuweka alama kwenye 60, 120, 180 na kuendelea, badala ya kuruka kutoka mche hadi mche.

Baada ya hapo ndipo unakwenda kitaluni. Mashimo ni 1,000. Ukikadiria kwamba mche mmoja kati ya kumi utahitaji kurudishiwa kwa sababu ya sota au jua la siku za mwanzo, agiza 1,100. Yule aliyeanza na ekari, akagawa kwa nane na kuongeza kumi kwa mia, ameagiza 1,236. Miche 136 imezidi, na mara nyingi huishia kubanwa katikati ya mistari ili isitupwe, pale ambapo hewa haipiti na ukungu wa majani unaanzia.