Karatasi ya wazo kuu: habari ya maji ya Kisarawe ilivyogeuzwa zoezi

Habari ya gazeti huandikwa kwa mpangilio wake. Jambo kubwa hutangulia, maelezo hufuata, na yale ambayo mhariri akikosa nafasi anaweza kuyakata hubaki mwishoni. Hadithi ya kitabuni haiko hivyo, na ndiyo maana mwanafunzi wa darasa la tano au la sita anayesoma hadithi vizuri anaweza kukwama kwenye habari fupi akiulizwa wazo kuu. Karatasi ya kazi inayochambuliwa hapa imejengwa juu ya tukio moja ambalo watoto wa Kisarawe wanalijua kwa majina ya mahali: uzinduzi wa mradi wa maji wa Kibamba–Kisarawe.

Habari haikunakiliwa gazetini. Iliandikwa upya kwa sentensi tano, na kila sentensi ikapewa namba ili mwanafunzi aweze kuitaja bila kuinakili:

(1) Mji wa Kisarawe umepata maji ya bomba kutoka Mto Ruvu baada ya Rais John Magufuli kuzindua mradi wa Kibamba–Kisarawe, Juni 28, 2020. (2) Maji hayo husafishwa katika mtambo wa Ruvu Juu uliopo Mlandizi, kisha husukumwa kutoka Kibamba hadi kwenye tanki lenye ujazo wa lita milioni 6. (3) Mradi umegharimu shilingi bilioni 10.6. (4) Kabla ya hapo, mji huo ulikuwa na shida ya maji ya muda mrefu. (5) Kisarawe ni wilaya ya Mkoa wa Pwani inayopakana na Dar es Salaam.

Kichwa cha habari kimeondolewa makusudi. Kichwa kama “Kisarawe yapata maji ya Ruvu” ni wazo kuu lililofupishwa, na mwanafunzi akikiona juu ya ukurasa hatakuwa na haja ya kusoma chini. Kinarudi baadaye kama swali, kwa namna ile ile ambayo mitihani ya Kiswahili hupenda kuuliza: kichwa gani kinaifaa habari hii?

Swali la kwanza ni la kuchagua, na hapo ndipo ufundi mwingi wa karatasi ulipo. Majibu manne yaliyotolewa ni haya: (A) Tanki la Kisarawe lina ujazo wa lita milioni 6. (B) Maji ni uhai. (C) Mji wa Kisarawe umepata maji ya bomba kutoka Mto Ruvu. (D) Rais John Magufuli. Jibu sahihi ni C, lakini kazi kubwa inafanywa na matatu yaliyobaki, kwa sababu kila moja limewekwa kunasa kosa lake. Anayechagua A ameshika jambo la kweli lililomo ndani ya habari, ila ni kipande tu. Tarakimu kubwa huvuta macho. Anayechagua B amechukua usemi anaousikia redioni na kuubandika juu ya habari ambayo haikuusema. Anayechagua D ametaja mtu, na mtu si wazo. Kosa hili la mwisho ni la kawaida kwa sababu sentensi nyingi za habari huanza na cheo na jina la mkubwa, kwa hiyo mtoto huona kwamba habari ni “ya Rais”. Mwalimu akihesabu nani amechagua nini, anajua somo la kesho lianzie wapi. Majibu mabovu yaliyotungwa ovyo, yale ambayo hakuna mtoto atakayeyagusa, hayamwambii chochote.

Swali la pili linamtaka mwanafunzi aandike wazo kuu kwa maneno yake, sentensi moja isiyozidi maneno kumi na mawili. Kikomo hicho si cha urembo. Bila kikomo, watoto hunakili sentensi ya kwanza nzima pamoja na tarehe na jina la mradi, na mwalimu hawezi kujua kama kuna kilichoeleweka. Usahihishaji nao umeelezwa: alama 2 kwa sentensi yenye kitu na tendo lake, kama “Watu wa Kisarawe sasa wanapata maji ya Ruvu”, alama 1 kwa aliyetaja mada tu, kama “Maji Kisarawe”, sifuri kwa aliyeandika gharama au ukubwa wa tanki. Tofauti ya mada na wazo kuu inakaa hapo hapo penye kitenzi. “Maji Kisarawe” hayasemi kama maji yamekuja, yamekatika au yamepanda bei.

Maelezo ya kuunga mkono yanashughulikiwa kwa jedwali la safu mbili: namba ya sentensi, na swali inalolijibu kuhusu wazo kuu. Sentensi ya 2 inajibu “yamefikaje?” Ya 3 inajibu “kwa gharama gani?” Ya 4 inajibu “kwa nini ni habari?” Ya 5 ndiyo mtego. Ni ya kweli, imo ndani ya habari, lakini haijibu swali lolote kuhusu maji kufika. Inamweleza msomaji wa mbali Kisarawe iko wapi. Mwanafunzi anatakiwa kuiandikia “maelezo ya ziada”. Kipimo rahisi anachopewa ni kuifunika kwa kidole na kusoma upya: wazo kuu likibaki na nguvu ile ile, sentensi hiyo haikuwa nguzo yake. Kipimo hiki kina udhaifu, kwani hata sentensi ya 3 ikifunikwa habari bado inasimama. Ndiyo sababu hakitumiki peke yake bali pamoja na safu ya maswali.

Vitenzi navyo vinasaidia, na ni ajabu kwamba mazoezi mengi huvipita. Katika habari za Kiswahili, jambo jipya mara nyingi hubebwa na “-me-” (“umepata”), utaratibu wa kawaida na “hu-” (“husafishwa”), na hali ya nyuma na “-likuwa”. Mtoto anayezungumza Kiswahili tangu utotoni anazisikia tofauti hizo bila kufundishwa. Karatasi inamwomba tu azipigie mstari. Hata hivyo, “umegharimu” katika sentensi ya 3 pia ina “-me-”, kwa hiyo dalili hii humwelekeza msomaji lakini haimwamulii.

Zoezi lingeishia hapo, wanafunzi wangetoka na kanuni moja ya uvivu: wazo kuu ni sentensi ya kwanza. Kwa hiyo upande wa pili wa karatasi una habari iliyopinduliwa. Inaanza kwa kueleza kwamba wasafiri wa Morogoro kwa miaka mingi wametegemea zaidi mabasi, inataja vituo vya reli mpya vya Soga na Ruvu, na sentensi ya mwisho ndiyo inayosema kwamba Juni 14, 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Aliyekariri mahali pa kutazama ataandika mabasi. Aliyeuliza “sentensi zote hizi zinaeleza jambo gani?” ataandika treni.

Karatasi hii haifai kwa kila habari. Ripoti ya kikao cha baraza la madiwani, kwa mfano, inaweza kubeba maamuzi mawili yasiyohusiana, wa barabara na wa zahanati, na kumlazimisha mtoto atoe wazo kuu moja ni kumfundisha kubuni. Habari ya namna hiyo hukatwa vipande viwili kabla ya kuingizwa darasani, au huachiwa darasa la juu zaidi, ambako swali hubadilika na kuwa: habari hii ina mawazo makuu mangapi, na kila moja linaungwa mkono na sentensi zipi?