Uzito wa Rojo si Uzito wa Nyanya

Mpishi akifungua kopo la nyanya, kijiko ndicho mizani yake. Rojo likishikamana kijikoni, kopo ni zuri. Likitiririka, mwenye duka atasikia maneno. Kipimo hicho kinadanganya, kwa sababu uzito wa rojo unaweza kuletwa na nyanya zenyewe, na wanga uliotiwa baadaye, au na joto la kiwanda tu. Nyanya zilizopondwa zikipashwa haraka hadi kupita nyuzi 90 za Selsiasi, vimeng'enya vinavyovunja pektini vinakufa na rojo linatoka zito. Zikipashwa kwa nyuzi 65 hivi, vimeng'enya vinaendelea kuila pektini na rojo linakuwa jepesi. Nyanya ni zile zile, kiasi ni kile kile.

Kiwandani huulizwa kitu kingine: yabisi iliyoyeyuka, yaani sukari, asidi na madini ya nyanya yanayobaki maji yanapotolewa. Tone huwekwa kwenye refraktomita, kifaa kinachosoma jinsi mwanga unavyopinda, na jibu hutolewa kwa Briksi. Nyanya mbichi husoma karibu 5. Kwa viwango vya kimataifa vya Codex, rojo la kuanzia 7 hadi kabla ya 24 ni pyure, na kuanzia 24 kwenda juu ni pesti. Makopo mengine huandikwa kabisa 28/30.

Tarakimu hiyo ina faida sokoni. Kopo dogo la gramu 70 lenye Briksi 28 lina yabisi gramu 19.6. Kiasi hicho kinatokana na karibu gramu 390 za nyanya mbichi, yaani nyanya nne za wastani. Kopo la ukubwa huo huo lenye Briksi 18 lina gramu 12.6 tu, sawa na nyanya mbili na nusu. Bei zikilingana, mnunuzi wa kopo la pili amelipia maji.

Lakini refraktomita nayo hupotoshwa, maana haijui sukari ya shambani na ya gunia. Tuseme mchanganyaji anachukua gramu 50 za pesti ya Briksi 28 na gramu 50 za maji. Briksi inashuka hadi 14. Akitia sukari gramu 19 na kidogo, kifaa kinarudi kusoma karibu 28. Rojo bado ni jepesi, basi anatia wanga, nalo linasimama kijikoni kama kawaida. Vipimo viwili vimepita, na nusu ya nyanya haimo. Codex inaruhusu kwenye pesti chumvi, viungo, maji ya limau na maji. Sukari na wanga havimo katika orodha hiyo.

Anayeweza kumuumbua yumo kwenye jedwali dogo la lishe nyuma ya kopo, na jina lake ni protini. Katika gramu 100 za nyanya mbichi kuna sukari gramu 2.6 na protini 0.9 hivi. Kwenye pesti halisi ni takriban 12 kwa 4. Maji yanapokauka vyote viwili hupanda pamoja, kwa hiyo sukari hubaki mara tatu ya protini, au nne kwa nyanya tamu zaidi. Katika gramu 100, mchanganyiko wa hapo juu ungekuwa na sukari gramu 21 kwa protini 1.7, mara kumi na mbili. Hesabu hii haifanyi kazi vizuri kwenye pyure nyepesi, kwa kuwa protini ni kidogo na kiwanda hukadiria tarakimu. Hapo orodha ya viambato ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Wanga hauonekani kwa hesabu hiyo, ila iodini ya duka la dawa huufichua. Nusu kijiko cha rojo kichemshwe katika kikombe cha maji, kiachwe kipoe kabisa, kisha kidogo kimwagwe kwenye sahani nyeupe. Tone la kwanza huenda likapotea rangi bila kuonyesha kitu, kwa sababu vitamini C ya nyanya huila iodini. Watu wengi huishia hapo na kulipa kopo alama nzuri lisiyostahili. Yaongezwe matone mengine machache. Bluu iliyokolea kuelekea nyeusi ni wanga. Gundi ya guari au zanthani haibadiliki, hivyo sahani isiyogeuka rangi haitoshi kusema rojo halijaongezwa kitu. Kilichojaribiwa kwa iodini kimwagwe, kisiliwe.

Sosi ya chupa ni kesi nyingine. Kechapu ya kawaida ina sukari zaidi ya gramu 20 kwa protini 1 katika kila gramu 100, na haivunji sheria yoyote, kwa kuwa imetengenezwa iwe sosi ya kuchovyea chipsi. Shida huanza inapotiwa sufuriani badala ya pesti: mchuzi unakuwa mtamu, sukari inashika chini, na mpishi anaongeza chumvi na ndimu akitafuta ukali wa nyanya ambao haukuwahi kuwemo ndani ya chupa.