Kuokota Vitanzi au Kuibua Vitanzi?

Tumeusoma mwongozo mmoja uliotafsiriwa kwa Kiswahili kuhusu ufumaji wa antrelaki, yaani ule wa miraba ya mshazari. Kitambaa chake huonekana kama mkeka uliosukwa, kumbe hakuna ukanda upitao chini ya mwingine; kila mraba humea kutoka ubavuni mwa mraba uliotangulia. Tafsiri hiyo ni nyepesi kusomeka, lakini ina kasoro mbili zinazomzuia msomaji kufuma.

Kasoro ya kwanza ni agizo la "kuokota vitanzi 8 ukingoni". Kuokota ni kutwaa kitu kilichokwisha kuwapo, na mafundi husema hivyo juu ya kitanzi kilichoponyoka sindanoni. Hapa ukingoni hakuna kitanzi kilicho wazi. Fundi huchoma sindano katika tundu la ukingo, huzungusha uzi, kisha huuvuta upande wake. Kitanzi kinachopatikana ni kipya. Tendo hilo tungeliita kuibua vitanzi, na neno kuokota tukaliachia lile la kwanza.

Kasoro ya pili ni kutumia neno "mstari" kwa mambo mawili: mwendo mmoja wa sindano, na mfululizo mzima wa miraba. Mwongozo unaposema "maliza mstari, kisha geuza", msomaji hajui kama ageuze baada ya vitanzi 8 au baada ya miraba yote. Tunapendekeza mwendo mmoja uitwe mstari, na mfululizo wa miraba uitwe safu.

Tuyapime maneno haya kwa mraba mmoja. Fundi huibua vitanzi 8 ukingoni mwa mraba wa safu ya chini, kisha hugeuza na kufuma kwenda na kurudi. Kila anaporudi kwenye mraba jirani, hufuma pamoja kitanzi chake cha mwisho na kitanzi kimoja cha jirani huyo. Jirani ana vitanzi 8, na kila kimoja humezwa kwa mistari 2. Hivyo mraba hukamilika kwa mistari 16. Kwa kuwa kila mistari 2 huacha tundu moja ukingoni, safu ifuatayo itakuta matundu 8.

Hesabu hii ndiyo inayodhihirisha uzito wa neno. Aliyeibua vitanzi 7 atapata mraba mwembamba wenye mwanya pembeni. Tena safu ifuatayo itamaliza kuvimeza vitanzi hivyo baada ya mistari 14, na kosa litapanda nayo. Basi mwongozo umwagize msomaji ahesabu mara tu baada ya kuibua, kabla ya kugeuza.

Mfasiri hakukosa Kiswahili. Alikosa kuitazama sindano. Istilahi ya ufundi haina budi kuanzia mikononi mwa fundi.