Nambari ya bloku ya 1,200,000: kweli ni rahisi kama 1, 2, 3?

Wandugu, tuanzie kwetu Kinsevere. Tuseme mgodi wa shaba umegawanywa ndani ya ordinateri kuwa bloku 2,000,000, na kila bloku inahitaji nambari ya bahati nasibu ili tuone madini yanaweza kuwa mengi au machache kiasi gani. Jenereta ya zamani, kama Mersenne Twister, inatembea kwa mstari: kila nambari inatoka katika hali iliyoachwa na ile ya mbele yake. Ukiipa nyuzi nane zigawane jenereta moja, uzi unaowahi njo unachota kwanza. Mbegu ni ile ile, lakini bloku ya 1,200,000 leo inapata nambari hii, kesho ingine. Na ukiipa kila uzi jenereta yake, moja inabeba karibu kilobaiti 2.5, kwa karte ya grafiki yenye nyuzi maelfu, ni mzigo.

Mwaka 2011 Salmon, Moraes, Dror na Shaw walitoa makala ambayo kichwa chake kinasema kazi hii ni rahisi kama 1, 2, 3. Jenereta yao Philox haibebi hali. Inachukua namba ya nafasi na ufunguo, inazidisha na kuchanganya biti kwa raundi 10, na jibu linatoka palepale. Hakuna kupita nafasi za mbele. Kwa NumPy:

```python
from numpy.random import Philox, Generator
g = Generator(Philox(key=7, counter=[0, 0, bloku, jaribio]))
x = g.standard_normal()
```

Hata nyuzi zikikimbia ovyo, bloku inabaki na nambari yake. (Kufungua jenereta mpya kwa kila bloku ndani ya Python ni polepole sana, kwenye karte ya grafiki kazi hiyo ni hesabu tupu.)

Mimi kile kichwa hakinitoshi. Urahisi umehamia begani mwa mwandika kode: ni yeye anayepaswa kuhakikisha kwamba ufunguo na nafasi havijirudii pamoja. Sahau `jaribio` pale juu, na majaribio 100 yatakuwa jaribio moja lililonakiliwa. Kila moja likitazamwa peke yake linapita. Linganisha mawili, utakuta yanafanana biti kwa biti. Zile sufuri mbili nazo si pambo: njia zingine za kutengeneza nambari za Gauss hukataa na kuchota tena, kwa hiyo bloku inahitaji nafasi yake ya kuchotea bila kuingia kwa jirani.

Tena kuna jambo moja Philox haligusi. Katika simulesheni ya mfuatano ya Gauss, thamani ya bloku inategemea majirani waliokwisha kuhesabiwa. Nambari ya nasibu inapatikana mara moja, lakini bloku bado inangojea majirani. Njo maana mtihani wangu ni huu: endesha kwa uzi 1, kisha kwa nyuzi 8. Nambari za nasibu zikilingana na shaba ikatofautiana, usiilaumu jenereta. Angalia mpangilio wa bloku.