Tarakimu 20 za LUKU na baki la biti 16

Mpangaji wa Mbagala analipia umeme kwa simu, meseji inaingia na tarakimu 20, anazibonyeza kwenye mita. Akikosea moja, mita inakataa papo hapo. Mita nyingi za aina hii hazina mtandao wa kuuliza kama namba ni halali. Jibu limo ndani ya tarakimu zenyewe.

LUKU hufuata kiwango cha kimataifa cha STS. Tarakimu 20 ni namba moja ya biti 66. Biti 50 za mwanzo hubeba aina ya tokeni, biti chache za bahati nasibu, dakika tokeni ilipotengenezwa na kiasi cha uniti. Biti 16 za mwisho ni CRC: baki linalopatikana ukigawanya zile 50 kwa polinomia x^16 + x^15 + x^2 + 1.

Mgawanyo huu ni rahisi kuliko wa darasani, kwa sababu hauna kukopa. Kutoa ni XOR tu: biti zikifanana jibu ni 0, zikitofautiana ni 1. Kinachohitajika ni rejista ya kusogeza, yaani safu ya vyumba vya biti mojamoja. Biti ya ujumbe inapofika, hufanyiwa XOR na ile inayotoka juu ya rejista. Safu husogea hatua moja, na jibu likiwa 1 hurudishwa kwenye vyumba vilivyotajwa na polinomia. Kwa LUKU vyumba ni 16, na jibu hurudi katika nafasi za 0, 2 na 15.

Tujaribu kwa udogo, polinomia x^3 + x + 1, vyumba 3, ujumbe 1101. Hapa jibu likiwa 1 tunafanya XOR na 011.

```
biti  jibu  rejista
            000
 1     1    011
 1     1    101
 0     1    001
 1     1    001
```

Baki ni 001, kwa hiyo tunatuma 1101001. Mpokeaji anapitisha biti zote 7 kwenye rejista ileile na kuishia 000. Biti ya tatu ikigeuka njiani, ikawa 1111001, rejista itaishia 001, na kosa limejulikana. Nimeanza na sifuri ili hesabu ifuatike. STS huanza na vyumba vyote vikiwa 1, kwa sababu rejista tupu haitikisiki na sifuri za mbele, hata zikiongezeka au kupungua.

Vitabu husifu polinomia hii ya biti 16 kwa dhamana zake: hukamata kila kosa lenye idadi witiri ya biti, na kila mfululizo wa makosa usiozidi biti 16. Kwa LUKU sifa hizo hazina kazi kubwa, na hapo ndipo wengi hupotea. Baada ya CRC kuhesabiwa, data pamoja na CRC yake hufungwa kwa ufunguo wa siri wa mita husika. Ukikosea tarakimu moja, mita inapofungua haikuti kosa la biti mbili tatu. Inakuta mvurugo mtupu. Mvurugo una nafasi moja kati ya 65,536 ya kuwa na baki sahihi. Polinomia nyingine nzuri ya biti 16 ingefanya kazi karibu sawa.

Kwa hiyo CRC hapa inahakiki ufunguo kuliko inavyohakiki vidole. Jirani wa Tandale akikulipia kwa namba ya mita yake, tarakimu ni sahihi zote, lakini mita yako inafungua kwa ufunguo mwingine na baki linagoma. Tokeni iliyokwisha kutumika ni suala jingine kabisa. Hiyo baki lake ni zuri. Mita huikataa kwa kukumbuka ile dakika ya kutengenezwa kwake.

Dakika hizo zilihesabiwa kuanzia 1 Januari 1993 katika biti 24, zikajaa Novemba 24, 2024. Hesabu ilibidi ianze upya kwa ufunguo mpya, ndiyo maana wateja waliletewa makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza yalibeba ufunguo huo, nusu kwa nusu, kwa kuwa biti zake 64 hazienei kwenye tokeni moja. La tatu ndilo lilikuwa umeme, likiwa limefungwa kwa ufunguo mpya. Aliyeanza na la tatu alikataliwa: mita ilikuwa bado na ufunguo wa zamani, na baki halikulingana. Uniti zake hazikupotea. Alitakiwa kuingiza mawili ya kwanza, kisha kurudia tarakimu zilezile zilizokataliwa.