Kabla ya Aprili au Mwisho wa Aprili? Uhakiki wa Tafsiri ya Tarehe na Namba za Toleo katika Hati za Dawa

Mijadala ya tafsiri katika Kiswahili imejikita zaidi katika matini za fasihi, za dini na za sheria. Hati zinazoambatana na shehena ya dawa, yaani ankara, orodha ya ufungashaji na cheti cha uchambuzi, hazijavuta macho ya wahakiki, pengine kwa sababu hazina sentensi za kutosha kuitwa matini. Nyingi ni majedwali: jina la dawa, nguvu yake, idadi, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi. Hata hivyo, ni katika majedwali hayo ambapo kosa la mfasiri huweza kumfikia mgonjwa bila kupita kwa msomaji yeyote mwenye uwezo wa kulikosoa. Inadaiwa hapa kwamba makosa mazito katika hati hizi hayatokani na istilahi ngumu za kemia. Istilahi hizo mfasiri huziogopa, na kwa kuwa anaziogopa, huzitafuta. Makosa hutokana na maneno madogo anayodhani anayajua, hasa *kabla* na *hadi*, na hutokana pia na namba asizodhani kuwa zinahitaji uangalifu wowote.

Msomaji anayekusudiwa lazima awe wazi tangu mwanzo. Chukuliwe mmiliki wa duka la dawa katika kijiji cha Ushongo, wilayani Pangani, kusini mwa mto Pangani. Yeye si mwagizaji. Dawa zake humfikia kupitia muuzaji wa jumla, naye hupokea nakala ya karatasi za mwagizaji zilizoandikwa Kiingereza. Anapoomba zifasiriwe, hahitaji kujua adabu za biashara za msambazaji wa ng'ambo. Anataka majibu ya maswali mawili: chupa hii niiondoe rafuni siku gani, na likitoka tangazo la kurejesha dawa, nitajuaje kama chupa yangu imo? Kwa lugha ya nadharia ya Skopo iliyoasisiwa na Hans Vermeer, maswali hayo mawili ndiyo lengo la tafsiri, na tafsiri yoyote isiyoyajibu imeshindwa hata kama kila neno lake lina kisawe chake.

Tukio la mwaka 2024 laonyesha jinsi maswali hayo yanavyoweza kugongana katika chupa moja. Mwezi Aprili mwaka huo, mamlaka ya udhibiti wa dawa ya Nijeria, NAFDAC, ilitangaza kurejeshwa kwa dawa ya maji ya kikohozi ya watoto iitwayo Benylin, toleo namba 329304, baada ya vipimo vyake vya maabara kuonyesha kiwango kikubwa cha diethilini glaikoli, kemikali yenye sumu. Dawa hiyo ilikuwa imetengenezwa Afrika Kusini Mei 2021, na mwisho wake wa matumizi ulikuwa Aprili 2024. Mamlaka ya Afrika Kusini iliyarejesha matoleo mawili, 329303 na 329304, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotajwa kuwa zilipelekewa dawa hizo. Kampuni ya Kenvue, yenye kumiliki jina hilo la dawa, ilisema kuwa vipimo vyake yenyewe havikuigundua kemikali hiyo. Ubishi huo wa kimaabara si mada ya uhakiki huu. Kinachohusika ni kwamba tangazo lilitoka ndani ya mwezi uleule ulioandikwa kwenye chupa kuwa wa mwisho.

Basi katikati ya Aprili, chupa hiyo ilipaswa kuwa wapi? Jibu linategemea kihusishi. Mfasiri aliyeandika "itumike kabla ya Aprili 2024" ameiondoa rafuni tangu Machi 31. Aliyeandika "itumike hadi mwisho wa Aprili 2024" ameiacha hadi Aprili 30. Aliyeandika "hadi Aprili 2024" hakumwambia msomaji lolote la hakika, kwa maana *hadi* ya Kiswahili huweza kuishia mlangoni mwa kitu au kukimeza chote. Duka linaloandika kuwa "limefungwa hadi Ijumaa" huwaacha wateja wakibishana kama Ijumaa litafunguliwa. Kati ya wafasiri hao watatu, wa mwisho ndiye mwenye kosa baya zaidi, ingawa tafsiri yake ndiyo inayosomeka kwa ulaini kuliko zote.

Hati yenyewe, hata hivyo, hubeba ushahidi wa namna ya kusomwa, na mfasiri aliyezoea uhakiki wa matini anapaswa kuutumia. Zihesabiwe tarehe mbili za chupa hiyo. Kuanzia mwanzo wa Mei 2021 hadi mwisho wa Aprili 2024 ni miezi 36 kamili, yaani miaka mitatu. Aprili ikiachwa nje, hubaki miezi 35, na ni vigumu kumfikiria mtengenezaji anayeipa dawa yake uhai wa miezi 35. Kwa hiyo Aprili imo. Hesabu hii haihitaji ujuzi wa famasia na huchukua nusu dakika, nayo yafaa kufanywa kwa kila mstari wa ankara. Jawabu likitoka miezi 24 au 36, usomaji umethibitika. Likitoka 23, 25 au 35, ama kihusishi kimesomwa vibaya ama tarehe imenakiliwa vibaya, na mfasiri arudi kwenye karatasi. Kipimo hiki kina mpaka wake: baadhi ya watengenezaji huandika mwezi uleule mwanzoni na mwishoni, kwa mfano Mei 2021 na Mei 2024, na hapo hesabu peke yake haiamui.

Pasipo ushahidi wa ndani, mfasiri hutegemea kaida ya nchi hati ilikotoka. Kanuni za dawa za India za mwaka 1945 zinaeleza kwamba tarehe ya mwisho inayotajwa kwa mwezi na mwaka humaanisha siku ya mwisho ya mwezi huo. Kwa sehemu kubwa ya dawa zinazoingia Afrika Mashariki, kwa hiyo, alama `EXP 04/2024` husomwa kuwa Aprili 30. Lakini mwongozo wa huduma ya afya ya umma ya Uingereza hutofautisha. Neno la kuisha muda likiwa na mwezi humaanisha mwisho wa mwezi huo, ilhali maneno yenye maana ya "tumia kabla ya", yanayobandikwa na mfamasia, humaanisha mwisho wa mwezi uliotangulia. Tofauti hiyo ya siku 30 imo katika kihusishi tu. Tafsiri inayoyaweka maneno yote mawili chini ya kichwa kimoja, "tarehe ya kuisha", imeifuta.

Suluhisho linaloonekana jepesi ni kuandika siku kamili: "Mwisho wa matumizi: 30 Aprili 2024." Lina faida, na katika pwani ya Tanga lina faida ya ziada, kwa kuwa wazee wengi bado huhesabu miezi kwa mifunguo, na mfunguo nne si mwezi wa nne. Jina la mwezi huondoa utata huo. Hata hivyo, mfasiri anayeandika 30 Aprili ameweka katika hati tarakimu ambayo haikuwamo, na mkaguzi atakayelinganisha nakala na boksi hataiona popote. Inafaa, basi, alama asilia ibaki kama ilivyo, na ufafanuzi ufuate pembeni yake: `04/2024`, yaani hadi mwisho wa siku ya 30 Aprili 2024. Uzuri wa matini umepungua kidogo. Hakuna anayesoma ankara kwa ajili ya uzuri.

Neno *kuharibika* nalo linahitaji kukataliwa. "Tarehe ya kuharibika" ni fasiri ya kawaida midomoni mwa watu, na chanzo chake ni jikoni, si kwenye duka la dawa. Samaki huharibika, na pua hujua. Tarehe ya dawa ni mwisho wa dhamana ya mtengenezaji, aliyeipima dawa ikiwa katika kifungashio kilichofungwa na kuhifadhiwa kwa masharti yaliyoandikwa, kwa mfano chini ya nyuzi 30 za selsiasi. *Kuharibika* hupotosha pande mbili. Muuzaji huinusa dawa iliyopita tarehe, huiona safi, akaiuza. Kisha huiamini iliyo ndani ya tarehe ingawa imekaa dirishani kwenye jua la Ushongo. Dawa ya kikohozi iliyotiliwa shaka mwaka 2024 ilikuwa bado ndani ya tarehe yake. "Mwisho wa matumizi" ni istilahi kavu, lakini haidai chochote kuhusu hali ya kilichomo chupani.

Kuhusu *toleo*, hukumu haiwezi kuwa kali hivyo. Kinachotajwa ni dawa zote zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, zikachukuliwa kuwa sawa. Neno hili limeazimwa kutoka uchapishaji, na huko toleo la pili ni lile lililosahihishwa. Msomaji huweza kudhani kuwa toleo lenye namba kubwa ni dawa iliyoboreshwa. *Fungu* lingeeleweka haraka kwa watu wanaonunua samaki ufukweni, ila fungu hutokana na kugawa kitu kilichokwisha kuwapo, ilhali dawa za toleo moja zimezaliwa pamoja. *Bechi* halina tatizo la maana, isipokuwa muuzaji hatalikuta katika tangazo la Kiswahili linalomtaka arejeshe dawa, ambamo *toleo* ndilo lililozoeleka. Sababu hiyo yatosha kulibakiza, likifafanuliwa mara ya kwanza linapotokea.

Namba yenyewe haifasiriwi kabisa, hunakiliwa. Kati ya 329303 na 329304 tofauti ni tarakimu moja ya mwisho, na jicho lililochoka husoma mwanzo wa namba tu. Koma ya kutenganisha maelfu isiongezwe, kwa maana hii si idadi. Sifuri ya mwanzo isidondoshwe, na herufi O isigeuzwe kuwa sifuri. Programu za majedwali ya kompyuta ni adui wa kimyakimya: toleo linaloandikwa `12E05` huweza kugeuzwa kuwa `1.20E+06`, kwa kuwa programu imeisoma herufi E kama alama ya kipeo, na `0417` hubaki `417`. Safu hiyo iwekwe kuwa ya maandishi kabla ya kuchapa chochote. Kisha watu wawili wahakiki, mmoja akisoma kutoka kwenye nakala asilia, herufi moja moja, kuanzia mwisho kwenda mwanzo, ili macho yasibahatishe.

Kosa gumu zaidi kugundua ni la mpangilio. Tuseme mstari mmoja wa ankara unataja chupa 1,200, na chini yake, kwa herufi ndogo, matoleo mawili: 700 za moja na 500 za jingine, kila moja na tarehe yake. Mfasiri anayetaka jedwali safi huandika toleo la kwanza na idadi yote. Jumla inalingana, bei inalingana, na chupa 500 zimepoteza utambulisho wao. Dalili hupatikana katika orodha ya ufungashaji, ambamo katoni huorodheshwa kwa toleo: pale ankara iliyofasiriwa ina mstari mmoja, orodha hiyo ina miwili. Kwa sababu hiyo mfasiri anayekabidhiwa ankara peke yake anapaswa kuomba na orodha ya ufungashaji kabla hajaanza, na mmiliki wa duka anapaswa kuipokea tafsiri akiwa na boksi lenyewe mkononi.