Derivativu ya mara n: jinsi kanuni ya Leibniz inavyoifungua arctan

Novemba 1675 Gottfried Wilhelm Leibniz alijiuliza katika maandishi yake kama derivativu ya zao la fanksheni mbili ni zao la derivativu za fanksheni hizo. Alijaribu, akaona sivyo. Miaka 20 baadaye alikuwa akimwandikia Johann Bernoulli kuhusu jambo lililomvutia zaidi: ukiendelea kutafuta derivativu ya zao, ya pili, ya tatu, ya nne, namba zinazojitokeza ni zilezile za kupandisha (a + b) kwenye vipeo. Mwaka 1710 alichapisha makala nzima juu ya ufanano huo.

Sababu yake ni kuhesabu tu. Kanuni ya kawaida inasema (uv)′ = u′v + uv′. Maana yake, kila unapotafuta derivativu, kila kipande hugawanyika viwili: katika kimoja alama ya derivativu inamwangukia u, katika kingine inamwangukia v. Ukifanya hivyo mara tatu, unapata njia 8. Njia ya u, u, v na njia ya v, u, u zote huishia kwenye u″v′, kwa kuwa mpangilio haubadilishi matokeo. Kwa hiyo swali ni moja: kati ya hatua n, ni kwa njia ngapi unaweza kuchagua hatua k za kumpa v? Jibu ni C(n,k), kizigeu cha binomia kinachosomwa katika pembetatu ya Paskali:

(uv)⁽ⁿ⁾ = Σ C(n,k) u⁽ⁿ⁻ᵏ⁾ v⁽ᵏ⁾, k kutoka 0 hadi n

Hapo u⁽⁰⁾ ni u yenyewe. Ukitaka kuhakiki vizigeu vyako, weka u = v = eˣ. Upande wa kushoto ni derivativu ya e²ˣ mara n, yaani 2ⁿe²ˣ, kwa hiyo vizigeu lazima vijumlike kuwa 2ⁿ.

Kanuni hii ina vipande n + 1, na kama vyote vinabaki, haijakupunguzia kazi sana. Nguvu yake huonekana pale fanksheni moja inapokuwa polinomia fupi. Derivativu ya tatu ya 1 + x² ni sifuri, na zote zinazofuata vilevile, kwa hiyo hata n ikiwa 100 vinabaki vipande vitatu tu.

Chukua y = arctan x, tutafute derivativu zake zote kwenye x = 0. Ukienda moja kwa moja, y′ = 1/(1 + x²), ya pili ni −2x/(1 + x²)², ya tatu ni (6x² − 2)/(1 + x²)³, na kila hatua inazidi kuchafuka. Kinachotusumbua ni ile sehemu. Basi tuiondoe kabla ya kuanza, kwa kuandika mlinganyo huu kama zao:

(1 + x²) y′ = 1

Sasa tafuta derivativu ya mara n ya pande zote, n ikiwa 1 au zaidi. Kulia tunapata sifuri. Kushoto, u = y′ na v = 1 + x²:

(1 + x²) y⁽ⁿ⁺¹⁾ + 2nx y⁽ⁿ⁾ + n(n − 1) y⁽ⁿ⁻¹⁾ = 0

Kipande cha mwisho ni C(n,2) mara 2, ndiyo maana nusu imetoweka. Weka x = 0, na kipande cha katikati kinafutika:

y⁽ⁿ⁺¹⁾(0) = −n(n − 1) y⁽ⁿ⁻¹⁾(0)

Tunajua y(0) = 0 na y′(0) = 1. Kwa n = 1, derivativu ya pili ni 0, na zote za namba shufwa zinafuata. Kwa n = 2 tunapata −2; kwa n = 4, −12 × (−2) = 24; kwa n = 6, −30 × 24 = −720. Hizo ni 2!, 4! na 6! zenye alama zinazopishana. Zigawe kwa 3!, 5! na 7!, utapata mfululizo:

arctan x = x − x³/3 + x⁵/5 − x⁷/7 + …

Kosa linalowanasa wengi liko katika kuhesabu alama za derivativu. Kwa kuwa u ni y′, derivativu yake ya mara n ni y⁽ⁿ⁺¹⁾. Anayeandika y⁽ⁿ⁾ na kuteremka kutoka hapo atapata y‴(0) = −6, na kipande cha pili kitakuwa −x³. Kikokotoo kitamfichua: arctan 0.5 ni takriban 0.4636 kwa radiani. Mfululizo sahihi unatoa 0.4583 kwa vipande viwili na 0.4646 kwa vitatu, ilhali ule wenye kosa unatoa 0.375 kwa vipande viwili.

Tahadhari moja imebaki. Derivativu hizi zote zipo, lakini mfululizo unafaa kwa x kutoka −1 hadi 1 pekee. Kwenye x = 1 unatoa π/4, matokeo yanayoitwa kwa jina la Leibniz mwenyewe, ila kwa mwendo wa pole mno: ukijumlisha vipande 100 kisha ukazidisha kwa 4, π yako bado itakuwa na kosa la takriban 0.01.